Siku moja maishani mwangu: pilau ya watu wanne imegeuka ya watu kumi

Saa 11 na nusu alfajiri simu inalia, ni yule kijana wa ofisini ninakopeleka chakula cha mchana. "Mama Zai shikamoo, samahani kukuamsha, leo tuna wageni, tutakuwa kumi." Marahaba mwanangu, nitaweza. Siku zote wako wanne, na pilau yao naijua kwa kichwa: mchele nusu kilo, nyama nusu kilo, vitunguu vitatu vikubwa, bizari nyembamba kijiko kimoja cha chakula, karafuu nne, supu vikombe vinne.

Saa 12 niko sokoni. Kumi ukigawa kwa nne ni mbili na nusu, kwa hiyo mchele kilo moja na robo, nyama kilo moja na robo, vitunguu saba vikubwa na kimoja kidogo. Hapo hesabu inakubali bila ubishi, maana watu wanashiba kwa mchele na nyama. Nilishawahi kuzidisha kila kitu mara mbili na nusu, mpaka maji na karafuu, nikatoa pilau imevurugika kama bokoboko na inauma ulimi, mchana ule niliumia sana kwa sababu wale watu walikuwa wamelipa.

Saa 2 asubuhi nyama iko jikoni na tangawizi, kitunguu saumu na chumvi. Muda wa nyama hauzidishwi jamani, vipande ni vilevile, ikishachemka inataka saa moja kama siku zote, kinachochelewa ni kuanza kuchemka tu kwa sababu sufuria ni kubwa. Chumvi kwa hesabu ni vijiko vitano vya chai, naweka vinne kwanza, supu inapungua ikichemka na chumvi inabaki, kwa hiyo cha tano kinasubiri.

Saa 3 na nusu ni vitunguu, na hapa ndipo rangi ya pilau inapopatikana au kupotea. Ukivitia vyote kwa mpigo vinarundikana, vinatoa maji, vinachemka badala ya kukaangika, utakoroga nusu saa na bado vimepauka. Utajua kwa sikio, mafuta yakiacha kuchachatika ukasikia tokotoko ya maji basi umejaza mno. Mimi nakaanga awamu mbili, nusu nikishaitoa ya kahawia naingiza nusu nyingine kwenye mafuta yaleyale, ndiyo maana mafuta nayo sizidishi mara mbili na nusu, kutoka robo kikombe naenda nusu kikombe na yanatosha.

Saa 4 viungo. Bizari naweka vijiko viwili badala ya viwili na nusu, karafuu saba badala ya kumi. Sufuria kubwa limefunikwa, linakaa motoni muda mrefu zaidi, harufu haipati pa kutokea, na karafuu ikizidi inaleta uchungu na ulimi unakufa ganzi. Kuongeza naweza, kutoa siwezi. Narudisha nyama na supu, naonja kabla mchele haujaingia, supu inatakiwa ikolee kuzidi unavyopenda kuila, maana mchele utanywa chumvi na viungo vyote. Leo imepungukiwa kidogo, nimeongeza kile kijiko cha tano cha chumvi na bizari ya kusaga nusu kijiko cha chai, basi.

Saa 5 maji, hapa ndipo wengi tunaharibu. Nusu kilo ya mchele wangu ni vikombe viwili na nusu, unakunywa kama vikombe viwili na nusu, kile kimoja na nusu kinachobaki kwenye vile vinne kinapotea kwa mvuke. Sasa mvuke unafuata upana wa sufuria na muda, haufuati idadi ya watu. Kwa hiyo leo mchele ni vikombe sita na robo, nao utakunywa sita na robo, naongeza viwili na robo vya mvuke kwa sababu sufuria ni pana kidogo, jumla nane na nusu. Ningezidisha ningetia kumi! Kikombe kimoja na nusu cha ziada ndicho kinachovuruga.

Mchele usipande kupita nusu ya sufuria, ukijaa sana wa chini unavurugika kwa uzito wa juu na wa juu unabaki na kiini. Supu ikikauka usawa wa mchele nafunika, napunguza moto chini, napalia mkaa juu ya mfuniko, dakika 25 badala ya 15, nageuza mara moja tu kwa mwiko, kutoka pembeni kuja katikati.

Saa 6 na robo nafunua. Chembe ya juu naiminya kwa vidole, haina kiini, ya chini imesimama yenyewe, ukoko ni mwembamba wa kahawia. Napakua sahani kumi, nyama vipande vinne vinne, kachumbari kando, bodaboda ameshafika anapiga honi getini.