Siku moja maishani mwangu: mwalimu wa darasa la tano, pwani ya mashariki ya Unguja

Saa kumi na moja alfajiri naamka, naswali, nachemsha chai, napanga madaftari niliyosahihisha jana usiku. Saa moja kasorobo niko skuli. Watu hudhani kazi yetu inaanza kengele ikilia na kwisha watoto wakitoka. Leo nataka niwaonyeshe kazi iliyomo ndani ya daftari la mahudhurio.

Saa moja na nusu naita majina. Jina la binti mmoja wa mstari wa mbele linaitikiwa kwa sauti ndogo. Jumatatu, Jumanne na Jumatano hakuwepo. Leo Alhamisi amekuja, ananyoosha mkono ulioshika karatasi ya daftari iliyokunjwa. "Mwalimu, bibi amesema nikupe."

Karatasi ikawa na mwandiko wa mtoto, herufi zimesimama wima, nukta zimekandamizwa mpaka upande wa pili. Mwalimu yeyote akiona ruhusa iliyoandikwa na mkono wa mwanafunzi mwenyewe moyo unashtuka, maana barua za kujitungia tunazijua. Nami nilishtuka. Nikaiweka mfukoni, nikafundisha Kiswahili, nikafundisha Sayansi, na wakati wa mapumziko nikakaa chini ya mkungu na kuifungua. Naiweka hapa kama ilivyokuwa:

"Mwalimu wa mjukuu wangu, assalaam alaykum. Ama baada ya salamu sisi hatujambo ila mguu wangu. Andika mguu wa kulia. Jumamosi nilichomwa na mwiba wa taa nikiwa kwenye mwani. Mjukuu wangu hakuja skuli siku tatu kwa sababu bamvua haingoji mtu na mwani umeshafika siku zake, ukiachwa unakatika unachukuliwa na maji. Hilo la deni usiandike. Na bamvua mbili za nyuma pia mimi ndiye niliyemzuia. Si mtoro. Kama kuna fimbo nichapwe mimi. Basi. Umeandika? Nisomee."

Chini kuna alama ya dole gumba, imepakwa wino wa kalamu.

Niliisoma mara tatu. Darasani tunafanya imla kila wiki, na kanuni ninayowapa ni moja: andika unachosikia, usiongeze, usipunguze. Mtoto huyu aliitii kanuni hiyo mbele ya bibi yake. Anayetunga barua ya uongo hawezi kuacha "hilo la deni usiandike" ndani yake. Angeiandika safi, na angesema homa, kwa sababu homa ndiyo wanayoandika wote.

Hapo nikarudi kwenye daftari la mahudhurio. Nafasi zake tupu nilikuwa nimeziona tangu mwanzo wa muhula, nikazisoma vibaya. Nilihesabu siku alizokosa, sikuangalia zimekaaje. Safari hii nikaweka kidole kwenye nafasi ya kwanza, nikasogea: siku mbili, kisha wiki mbili amehudhuria zote, kisha siku mbili tena, kisha wiki mbili, kisha hizi tatu. Mwezi mpya, mwezi mpevu, mwezi mpya.

Kwa asiyekaa pwani nieleze. Mwani hufungwa kwa taitai, yaani vijikamba vifupi, kwenye kamba, kamba zikavutwa kati ya vijiti vilivyochomekwa mchangani, mahali ambapo maji hupwa. Kuufikia kwa miguu lazima yawe maji makubwa, yaani bamvua, ambapo bahari inatoka mbali. Huku kwetu, siku za mwezi mpya na mwezi mpevu, maji yanakuwa chini kabisa kiasi cha saa nne asubuhi, na kila siku yanachelewa kama dakika 50. Saa nne asubuhi mimi niko ubaoni. Maji mafu yakifika huwezi kufanya kitu, unangoja bamvua nyingine. Na mwani unahitaji kama wiki sita tu kukomaa. Ukipitiliza unakuwa mzito, wimbi linauvunja, kazi yote inaelea kwenda kwa mwingine. Kilimo hiki kimekuwepo upande huu wa kisiwa tangu 1989, na wanaosimama majini wengi wao ni wanawake. Nimezaliwa humu. Mama yangu amelima mwani. Na bado daftari lilinipita.

Baada ya mapumziko, Hesabu. Tulikuwa kwenye sehemu, somo ambalo binti alilikosa lote. Jua limepanda, watoto 47 darasani, wa nyuma wanasinzia, mmoja amesahau daftari, mwingine analia kachukuliwa kalamu, na sauti yangu inaanza kukwama. Saa sita na nusu nilikuwa nimechoka kiasi cha kushindwa kuinua mkono wa chaki.

Walipotoka nikambakisha. Nikamuuliza kamba yao moja ina taitai ngapi. Akasema ishirini. Robo ya kamba? Akafumba macho kidogo, vidole vikatembea juu ya dawati kama vinafunga fundo. "Tano." Robo tatu? "Kumi na tano." Tukaendelea hivyo nusu saa, na sehemu zikamwingia bila chaki. Kucha zake zilikuwa nyeupe kwa chumvi, na kidole cha shahada kimekatwa na kamba.

Sasa jibu. Hapa ndipo siku yangu ilipokwama, kwa sababu barua kwa bibi ataisoma mjukuu. Chochote nitakachomlalamikia mtoto, atajisomea mwenyewe kwa sauti, amesimama mbele ya bibi yake. Chochote nitakachomlaumu bibi, mjukuu ndiye atakayekitamka. Nilichana karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa na neno "utoro". Ya pili ilikuwa na sentensi ndefu za ofisini. Ya tatu niliiandika kwa kalamu ya buluu, kwa herufi kubwa:

"Bibi, shikamoo. Barua yako nimeisoma yote. Pole sana na mguu. Siku tatu hizi nimeziandika kuwa ni za ruhusa. Hakuna fimbo, si kwako wala kwake. Mjukuu wako anaandika vizuri na anasikiliza vizuri. Nakuomba jambo moja. Bamvua ijayo aje skuli asubuhi. Kufunga mbegu kwenye kamba afanye jioni, kivulini, akisharudi. Kwa kuvuna, tafadhali zungumza na wenzako wa shamba la jirani wakushike mkono mpaka upone. Mguu ukivimba zaidi au ukitoa usaha nenda kituo cha afya, usingoje. Mimi mwalimu wake."

Nikamwambia anisomee kabla hajaondoka, nijue hakuna neno litakalomkwamisha. Alisoma bila kusita mpaka "hakuna fimbo". Hapo akanyamaza, akameza mate, akaendelea. Alipomaliza akaikunja mara nne, akaitia ndani ya daftari la Hesabu.

"Mwalimu, na lile la deni? Nimwambie umeliona?"

"Mwambie nimeisoma barua yake, na maneno yake yamekaa kwangu."

Sijui ilikuwa saa ngapi alipotoka. Alasiri ilikuwa imeshaadhiniwa na bahari inarudi. Nilikuwa bado na madaftari ya kusahihisha, na miguu inauma. Kabla ya kuyagusa nikachukua penseli, nikahesabu siku kutoka mwezi mpya huu, na pembeni mwa daftari la mahudhurio, juu ya tarehe za bamvua zote zilizobaki muhula huu, nikachora kimwezi kidogo. Kisha nikashusha kidole kwenye majina mengine, moja baada ya jingine, nikitafuta nafasi tupu zinazokaa chini ya vimwezi hivyo. Nilizipata kwa wasichana wengine wanne.

Kesho nitaanza na wa kwanza.