Mikro ya kaske ilikuwa imekufa, kumbe ni mkono tu

Jirani yangu hapa Kadutu, Bukavu, hufundisha Kifaransa kwa mtandao. Ghafla wanafunzi wakawa hawamsikii, ingawa yeye aliwasikia vizuri. Alikuwa ameshabadilisha tundu la USB na kuwasha kompyuta upya, na sasa alitaka kununua kaske nyingine.

Nilifungua Paramètres, Système, Son, nikashuka hadi Entrée. Kaske ilikuwa imechaguliwa, lakini mstari wa sauti haukutikisika hata nilipogonga mikro kwa ukucha. Mikro iliyo mbali na mdomo tu ingetikisa mstari kidogo. Mstari uliolala kabisa ulinifanya nishuku swichi ya kuzima mikro.

Nikafuata waya kwa kidole. Kidhibiti chake kilikuwa na gurudumu la sauti tu. Ukabaki mkono wa mikro, ambao jirani aliupandisha juu ili usimguse shavu. Baadhi ya kaske huficha swichi kwenye bawaba: mkono ukiwa juu, mikro hunyamaza, na kompyuta huenda isionyeshe alama yoyote. Niliushusha taratibu, ukalia "tak", mstari ukaruka.

"Kaka, ni hivyo tu?"

Nikauweka kwenye pembe ya mdomo, vidole viwili hivi kutoka midomoni, kwani mbele kabisa pumzi ya "p" huvuma vibaya. Kama mstari ungekuwa unakatika-katika mkono ukichezeshwa, ningeshuku waya uliovunjika ndani ya bawaba. Huo ni kazi ya fundi mwenye chuma cha kuchomea.