Saa mbili na dakika kumi za Dar: nilivyopiga hesabu ya kuunganisha ndege hadi Kigoma

Mama alifanyiwa upasuaji wa goti Mumbai, mimi nikiwa naye. Kabla ya kurudi, kijana anayetukatia tiketi hapa Mwanga, Kigoma, alinitumia ratiba ya safari ya nyumbani: Mumbai hadi Addis Ababa, Addis hadi Dar, kisha Dar hadi Kigoma kwa shirika lingine. "Mwalimu, hii tamu sana," aliniambia kwa simu. "Mnatua Dar saa 6:50 mchana, saa 9:00 mnaondoka, jioni mama anakula ugali na migebuka kwake."

Addis tungepumzika kwa muda unaokaribiana na huo wa Dar, tena pungufu kidogo. Wa Addis niliukubali bila ubishi. Wa Dar niliukataa, na yule kijana akaniona msumbufu.

Addis tulikuwa kwenye tiketi moja, yenye namba moja ya nafasi, ile ya herufi na tarakimu sita. Maana yake mabegi yanahamishwa na shirika lenyewe, abiria hapiti Uhamiaji, anakaguliwa tu tena usalama na kwenda kwenye geti lake. Ndege ya kwanza ikichelewa, ni kazi ya shirika kukutafutia nafasi kwenye ndege inayofuata. Kila uwanja una muda wa chini uliowekwa wa kuunganisha, na chini ya huo mfumo haukuuzii safari hizo mbili kama tiketi moja. Kwa hiyo hapo kuna mtu mwingine aliyekwisha kupiga hesabu kwa niaba yako, na gharama akikosea ni yake.

Dar tulikuwa na tiketi mbili zisizojuana. Shirika la Kigoma halijui kama uko angani unatoka Addis, wala halikudai maelezo. Usipotokea, umehesabika hukufika na tiketi inaweza kuishia hapo. Hesabu inakuwa yako mwenyewe.

Nilianza na mwisho. Saa 9:00 ni muda wa ndege kuondoka, ila tiketi yetu ilisema kaunta inafungwa dakika 45 kabla, yaani saa 8:15. Mabegi yasipokuwa yamepokelewa hapo, safari hakuna. Saa mbili na dakika kumi zimeshakuwa saa moja na dakika 25, na hapo ndege ya Addis nimeifanya ifike kwa wakati.

Kisha nikapanga kazi za ndani ya dakika hizo 85. Mama alihitaji kiti cha magurudumu, na anayehudumiwa kwa kiti hushuka mwisho, abiria wote wakishatoka. Niliweka dakika 20. Uhamiaji, raia wa Tanzania tuna madirisha yetu na hatuna shughuli ya viza, na mwenye kiti mara nyingi hupitishwa pembeni, nikaweka 15. Hapo makadirio yako yanategemea pia ndege gani nyingine zimetua, kwa sababu mbili kubwa zikishusha watu pamoja foleni haina adabu. Mabegi kwenye mkanda, 30. Forodha na mashine yao ya kukagua mizigo, 10. Jumla 75, na bado tuko Jengo la Tatu la abiria. Ndege ya Kigoma inaondokea Jengo la Pili, ambalo liko kwingine, huwezi kumsukuma mgonjwa wa goti na masanduku kwa miguu juani. Teksi, kupakia, kushusha, ukaguzi wa mlangoni: 20 nyingine. Ni 95 dhidi ya 85, na hatujagusa foleni ya kaunta.

Na kaunta yenyewe ilikuwa na lake. Tiketi ya Mumbai ilituruhusu masanduku mawili ya kilo 23 kila mmoja. Ya Kigoma ilituruhusu kilo 23 tu. Mzigo wa ziada unalipiwa, mara nyingine dirisha jingine, halafu unarudi na risiti. Watu wengi hawaiingizi hii kwenye hesabu ya muda, wanaiona ya pesa tu.

Kaka yangu alipendekeza tuombe Mumbai mabegi yaandikwe moja kwa moja hadi Kigoma. Nilimuuliza mhudumu wa kaunta kule, akanionyesha skrini: tiketi ya Kigoma haimo kwenye safari yake, na mzigo hata hivyo ungepaswa kuchukuliwa Dar kwa ajili ya forodha. Lebo iliyofungwa kwenye begi ikasomeka DAR kwa herufi kubwa. Kigoma ni TKQ. Ukiona DAR, wewe ndiye mchukuzi kuanzia hapo.

Kuchelewa nilikuangalia kwenye tovuti ya Flightradar24. Ukiingiza namba ya ndege, hata bila kulipia unaona siku kadhaa zilizopita: muda uliopangwa na muda ilipotua kweli. Siku nyingi yetu ilikuwa karibu na wakati, lakini kulikuwa na siku ilizidi nusu saa. Wastani haukunisaidia kitu. Nilitazama ile siku mbaya, kwa kuwa ndiyo ingetuacha Dar. Na kukosa ndege ya Kigoma si sawa na kukosa ya Mwanza. Kwa ratiba ya kipindi kile, iliyofuata ilikuwa keshokutwa, na njia nyingine ni basi au treni, ambayo kwa goti lenye nyuzi ni adhabu.

Basi nikamwambia yule kijana atukatie ya keshokutwa yenyewe. Usiku mbili nyumba ya wageni Kipawa zilikuwa nafuu kuliko tiketi mbili mpya za dakika ya mwisho. Pia nikamsisitiza abadilishe ombi la kiti. Alikuwa ameweka WCHR, ambayo ni ya mtu anayeweza kupanda ngazi lakini hawezi kutembea mbali. Mama asingeweza ngazi, kwa hiyo ilitakiwa WCHS, na kwa ndege zote tatu, kwani kila shirika husoma ombi lililo kwenye tiketi yake.

Siku yenyewe tulitua saa 7:05, robo saa tu nyuma. Mama alibaki kitini akihesabu watu wanaopita. "Mwanangu, hawa wote wana haraka ya wapi?" Mhudumu wa kiti alifika, Uhamiaji tukapitishwa upesi kuliko nilivyokadiria, nikaanza kufikiri labda nilizidisha uoga. Mkanda ukanijibu. Sanduku la kwanza lilitoka mapema, la pili lenye dawa na mashine ya mazoezi likazunguka mwisho kabisa, watu wakiwa wamebaki wachache. Nilipolishika nilitazama saa: 8:20. Kaunta ya Kigoma ilikuwa imefungwa dakika tano kabla.

Kaka alipiga jioni akicheka: ndege ya saa 9:00 ilichelewa, iliondoka karibu saa 10:00, "mngewahi bwana!" Si hivyo. Kaunta mara nyingi hufungwa kwa muda uliopangwa, hata kama ndege yenyewe bado haijafika kutoka ilikokuwa. Kuchelewa kwa ndege ya pili nakuandika sifuri kwenye hesabu.

Safari ya kwenda Mumbai ndiyo hatukujadili kabisa. Ndege inayokuchukua Kigoma huenda asubuhi hiyo imeshaanzia kwingine, na kila kituo kinaongeza chake. Tulishuka Dar siku moja kabla ya ndege ya Addis, mama akalala kwa shangazi Ukonga.