Ikiwa mwezi ni wa ugali

Swali lililoniangusha mwaka wa kwanza lilikuwa la mstari mmoja: thibitisha kwamba seti tupu ni seti ndogo ya kila seti. Nilijaza nusu ukurasa nikieleza kwamba kisichokuwa na kitu hakiwezi kuwa ndani ya kitu. Nikapewa sifuri, na nilistahili.

Chanzo kilikuwa jedwali la ukweli la "ikiwa P basi Q". Mwalimu alichora mistari minne. P kweli na Q kweli, sentensi nzima ni kweli. P kweli na Q uongo, ni uongo. Hadi hapo tulikuwa pamoja. Kisha akafika kwenye mistari miwili ambayo P ni uongo, akaandika "kweli" na "kweli", akaendelea na mengine. Kumbe basi "ikiwa mwezi ni wa ugali, Kampala iko Uganda" ni kweli, na "ikiwa mwezi ni wa ugali, Kampala iko Oman" nayo ni kweli! Nilipouliza, nikaambiwa ndivyo ilivyofafanuliwa. Nikakariri tu.

Mwanga wa kwanza niliupata dukani kwa dada yangu, nilikokuwa nikimsaidia jioni. Kanuni yake ni moja: mteja akikopa, jina lake liandikwe daftarini. Siku moja hesabu ikagoma, akanituma nitafute kanuni ilivunjwa wapi. Yule aliyekopa na kuandikwa hakuwa na tatizo. Aliyelipa taslimu na hayumo daftarini, pia hana neno. Kulikuwa na mmoja aliyelipa taslimu na bado jina lake limo, kwa sababu alikuwa anadai chenji yake. Dada akasema, "Huyo mwache, hajakopa." Kanuni ilivunjwa mahali pamoja tu: kwa aliyekopa bila kuandikwa.

Rafiki yangu wa darasani hakuridhika. "Kutovunjwa si sawa na kuwa kweli," alisema, na kwa kweli alinibana. Siku ya pili nikamrudia na namba. Nikamwuliza kama anakubali sentensi hii: kwa kila namba nzima n, ikiwa n inagawanyika kwa 4, basi n ni shufwa. Akakubali bila kusita. Nikamwambia neno "kila" halichagui, kwa hiyo tuipime sentensi kwa namba moja moja. Kwa 8, pande zote mbili ni kweli. Kwa 6, sehemu ya kwanza ni uongo na ya pili ni kweli. Kwa 7, zote mbili ni uongo. Kama ungeandika "uongo" kwenye mstari wa 6 au wa 7, sentensi uliyokwisha kuikubali ingekufa mikononi mwako, maana ingekuwa imeshindwa kwa namba mojawapo. Akacheka, akanyamaza.

Baada ya hapo seti tupu ilinichukua mistari miwili. Kuwa seti ndogo ya A maana yake ni kwamba, kwa kila x, ikiwa x imo katika seti tupu, basi x imo katika A. Hakuna x iliyomo, sehemu ya kwanza ni uongo kila mara, na hakuna pa kuivunjia sentensi.

Lakini nilijikwaa tena mahali pengine. Nilidhani kinyume cha "ikiwa P basi Q" ni "ikiwa P basi si Q". Sivyo: P ikiwa uongo, zote mbili ni kweli kwa pamoja, kama Kampala yangu ya Uganda na ya Oman. Kuikanusha sentensi ni kusema P ni kweli na Q ni uongo, yaani kumleta yule aliyekopa bila kuandikwa. Na sentensi ya Oman kuwa kweli haiihamishi Kampala. Ili utoe Q lazima kwanza uwe na P mkononi, na mwezi wa ugali hatuna.

Ubishi huu ni wa kale. Filo wa Megara, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, ndiye aliyeshikilia jedwali hili, mwalimu wake Diodoro Krono akampinga, na mshairi Kalimako akatania kwamba hata kunguru juu ya mapaa wanabishana ni sentensi zipi za masharti zilizo kweli. Mimi nadhani sarufi yetu inatusaidia kidogo hapa. "Angemeza dawa, angepona" na "angemeza dawa, asingepona" haziwezi kuwa kweli zote eti kwa sababu mgonjwa hakumeza. Jedwali la Filo halikutengenezwa kwa ajili ya -nge- wala -ngali-. Siku hizi nikiona viambishi hivyo naliweka kando. Nikiona "kwa kila" na "ikiwa", nalitumia bila wasiwasi.

Sentensi ya mwezi wa ugali bado inanichekesha, ila alama sipotezi tena.