Padi ya PS5, kipande cha patipati na waranti ya mwaka mmoja

Nilinunua padi ya DualSense mpya hapa Kisumu, na muuzaji akaniandikia waranti ya mwaka mmoja kwenye risiti. Mimi hucheza gemu za kupigana risasi. Shida yangu ni ileile ya kila mtu: kidole gumba cha kulia kikitoka kwenye analogi, kile kijiti cha kulengea, kwenda kubonyeza X niruke, shabaha inakufa. Nikataka vitufe vya nyuma.

Binamu yangu wa Nakuru anacho kile kifaa cha Sony cha mwaka 2020 chenye vitufe viwili vya nyuma. Alikuja nacho Krismasi nikajaribu kukichomeka kwangu. Hakiingii. Kile kilitengenezewa DualShock 4 ya PS4, na hushika tundu mbili za chini: ya hedifoni na ya EXT iliyo kando yake. DualSense haina EXT. Akaniambia, "Omera, basi tumia padi yangu." Nayo haisaidii, kwa sababu PS5 inaikubali DualShock 4 kwa gemu za PS4 tu.

Nikaenda kwa fundi. Ana seti za vitufe vya nyuma za kufunga ndani, lakini swali lake la kwanza lilikuwa ubao wa saketi ndani ya padi yangu ni toleo gani la BDM, 010, 020 au 030, maana seti ya ubao mmoja huenda isikae kwenye mwingine. Namba hiyo imeandikwa kwenye ubao wenyewe, yaani lazima ufungue ndipo ujue ununue nini. Na kufungua ni kubandua ule ukanda wa plastiki wa mbele na kung'oa L1 na R1, ndipo ufikie skrubu. Nikampigia muuzaji. "Ukifungua, hiyo waranti sahau," akasema. Analogi ndiyo huharibika mapema kwenye padi hizi, kwa hiyo waranti ilikuwa na kazi. Nikaachana na seti. Ndani ya gemu nikahamishia kuruka kwenye L1. Wiki moja ya kujikanyaga, kisha vidole vikazoea.

Stopa za L2 na R2 ndizo zilizonifundisha zaidi. Ni vipande vya plastiki vya kubandika kwa gundi chini ya kitufe, ili kisizame sana na risasi itoke upesi. Kwenye gemu za risasi nilifurahi. Siku ya pili mdogo wangu akaingia na gemu ya magari, akalalamika gari halina nguvu, anapitwa na kila mtu. Nilidhani ni visingizio.

Nikachomeka padi kwenye kompyuta kwa waya na kufungua ukurasa wa kupima padi kwenye brauza. Hapo R2 husomeka kama B7, kuanzia 0.00 ikiwa imeachiwa hadi 1.00 ikizama yote. Yangu ilikomea 0.43. Gari lilikuwa linapewa mafuta chini ya nusu! Kwa bunduki hilo halionekani, kwa sababu gemu inangoja tu kitufe kipite kiwango fulani. Kwa gari kila sehemu ya mzamo ina maana, breki za L2 vilevile.

Nikabandua zile stopa na kukata vipande vyembamba vya patipati kuukuu. Patipati inabonyea: ukigusa kawaida kidole kinasimama mapema, ukikandamiza kwa nguvu B7 inafika 1.00. Kwenye mipangilio ya PS5 pia nilizima `Trigger Effect Intensity`, maana ule ugumu ambao gemu hukipa kitufe hauna faida ukikomea kabla ya kuufikia.

Kofia za analogi nilizipima hivyohivyo. Ile ndefu inayobana ndani ya kishimo cha analogi haikuwa na neno. Ile ya mpira inayovaa kichwa chote iliifanya analogi iwe nene ikagonga ukingo wa padi, kipimo hakikufika mwisho, na mchezaji wangu akawa anatembea badala ya kukimbia. Niliitupa.

Mwezi wa tisa tangu niinunue padi, shabaha ikaanza kwenda kulia yenyewe. Nikavua kofia, nikapima analogi bila kuigusa: ilikaa 0.12 badala ya kucheza karibu na sifuri. Nikabandua patipati, nikafuta gundi kwa spiriti, nikachukua risiti. Pale dukani kijana alibandua ukanda, akang'oa L1, akazimulika skrubu moja moja kwa tochi ya simu.

"Hii haijafunguliwa," akamwambia mwenye duka.

Nilitoka na padi nyingine. Ile patipati ilikuwa imebaki nusu, ikatosha.