Nimeacha kumwambia mtu "cheka kidogo"

Jana nimempiga picha dada mmoja, picha kumi za kwanza zote zimekakamaa, mdomo unacheka ila macho yamelala kabisa, mabega yamepanda karibu na masikio. Kosa lilikuwa langu, nilikuwa namwambia "cheka kidogo", na mtu ukimwambia hivyo anavuta pembe za mdomo basi. Yule daktari Mfaransa Duchenne alishaandika tangu 1862 kwamba msuli unaozunguka jicho hautii amri, unaamshwa na furaha yenyewe, ndo maana shavu lilikuwa halipandi na chini ya jicho hakujikunji.

Basi nikabadilisha maneno. Nikamwambia fikiria uko ndani, umesikia sauti ya mdogo wako mlangoni, hujamwona miaka miwili, na bado hujamwona, umesikia sauti tu. Uzito weka mguu wa nyuma, vuta pumzi, itoe polepole. Mabega yakashuka yenyewe, kichwa kikainama upande kidogo, nami nikabonyeza pale pumzi inapoisha, kabla kicheko hakijafika mwisho, maana mtu akikishikilia tu uso unaanza kukaza tena.

Siku hizi nikishapiga naziba mdomo kwa kidole kwenye skrini, macho peke yake yasiposema kitu narudia. Na mikono jamani!! mpe kitu cha kushika, hata ukingo wa kola, ila ashike kwa wepesi, akibana sana picha nzima inaonyesha hofu hata kama uso umetulia.