Kuhesabu odi kichwani nikiwa kwenye foleni ya kibanda

Ninauza dagaa, nawachukua Kibirizi na kuwapeleka soko la Mwanga hapa Kigoma. Hesabu za debe na kisado nimezizoea, lakini odi, zile namba ambazo dau lako huzidishwa nazo ukishinda, nilikuwa nazitazama kama bei tu: kubwa tamu, ndogo chungu. Jioni moja simu ilizima nikiwa kwenye foleni ya kibanda cha kubeti, kalkuleta ikaenda nayo, na ukutani kulikuwa na karatasi ya mechi za siku hiyo. Ndipo nilipolazimika kutumia kichwa.

Mechi niliyoitaka ilikuwa na odi 1.85 kwa wenyeji, 3.40 kwa sare na 4.20 kwa wageni. Kujua odi inadai nafasi ngapi kati ya 100, unaigawa 100 kwa hiyo odi. Kugawa kichwani kunanishinda, kwa hiyo nazidisha nikikisia. 1.85 mara 50 ni 92.5. Imebaki 7.5 kufika 100, na 1.85 mara 4 ni 7.4. Basi ni 54. Kwa 3.40, mara 30 ni 102, imepita kidogo, kwa hiyo 29. Kwa 4.20, mara 24 ni 100.8, naiacha 24.

Nikajumlisha: 54, 29 na 24 ni 107. Mechi moja haiwezi kuwa na nafasi 107 kati ya 100. Hizo 7 za juu ndizo faida ya kampuni, kama mimi ninavyoongeza bei juu ya ile niliyonunulia mwaloni. Ukitaka kuionja, weka shilingi 5,400 kwa wenyeji, 2,900 kwa sare na 2,400 kwa wageni. Umetoa 10,700, na matokeo yoyote yakija unarudishiwa kama 10,000.

"Kaka, unaweka au unasali?" dada wa dirishani akaniuliza. Nikampisha aliyekuwa nyuma yangu.

Swali lililobaki lilikuwa langu mwenyewe: mimi nawapa wenyeji ngapi? Niliwapa 50. Unazidisha makisio yako kwa odi: 50 mara 1.85 ni 92.5. Yaani kwa kila shilingi 100 ninazoweka, tukirudia mechi za namna hiyo nyingi, zitarudi 92 na senti. Hapo hakuna biashara. Sare niliipa 25, na 25 mara 3.40 ni 85, mbaya zaidi. Wageni nao niliwapa 25, na 25 mara 4.20 ni 105. Imepita 100! Moyo ukaruka.

Hapo ndipo nilipokaribia kujidanganya. Ile 25 niliitoa wapi? Nilikuwa nimeshaiona 4.20 ukutani, na macho yakiona odi kubwa akili inatafuta sababu za kuitetea. Nikishusha makisio hadi 22 tu, inakuwa 92, hasara kama ya wenyeji. Pointi 3 za kukisia zimegeuza kila kitu, na sijui mtu wa kawaida anayeweza kutofautisha 22 na 25 kwa kuangalia msimamo wa ligi. Tena ile 7 ya kampuni haigawanywi sawa. Mara nyingi huegemea zaidi kwenye odi kubwa. Siku hizi naandika makisio yangu matatu kwenye kiganja kabla ya kuinua macho ukutani, yajumlike 100 kamili, na nikizidisha nisipopata 110 naiacha. Kodi ya ushindi nayo inasubiri, kwa hiyo 105 si 105 kweli. Siku nyingi naiacha.

Aliyenipita foleni alikuwa kijana wa bodaboda mwenye mkeka wa timu 5 ambazo zote lazima zishinde, kila moja odi 1.50. "Bro, hizi uhakika," akaniambia. Odi za mkeka zilikuwa kama 7.6. 1.50 inadai 67, lakini ukiondoa chumvi ya kampuni inabaki kama 62 au 63. Kwa timu mbili pamoja ni kama 39 kati ya 100. Nne ni 15. Tano ni 9 au 10. Akikata mikeka 100 ya buku moja moja, 9 na nusu hivi itatiki, na itamrudishia kama 72,000 kwa laki moja aliyotoa. Timu moja ilimla pointi 7 hivi, tano zimemla karibu 28.

Nilimwambia. Akacheka, akakunja tiketi yake akaitia kwenye kofia. "Wewe mzee wa dagaa hesabu zako nyingi, mimi nasubiri dakika 90."

Wageni walitoka sare.